Simu Inajuaje Kwamba Umeiweka Sikioni?

Umo ndani ya daladala na ujumbe wa sauti umeingia kutoka kwa shangazi. Unaugusa, na spika ya chini inaanza kuwatangazia abiria wote: "Sasa mwanangu, haya nitakayokwambia yabaki kwetu wawili." Unainua simu haraka hadi sikioni. Kioo kinazima, sauti inahama kutoka spika kubwa ya chini na kuingia katika ile ndogo ya juu, ambayo kwa kawaida hutumika kupokelea simu, na jirani yako anabaki akitazama dirishani kwa masikitiko. Hukubonyeza kitu. Ukishusha simu, kioo kinawaka na sauti inarudi kwenye spika kubwa.

Wengi huamini kwamba simu imelitambua sikio. Haijalitambua. Haijui sikio wala shavu, na kwa kazi hii haitumii kamera yoyote. Inachokipata ni namba moja inayopanda na kushuka, na kila uamuzi unaouona unatokana na kuilinganisha namba hiyo na mipaka miwili. Ukishaielewa mipaka hiyo utaelewa pia kwa nini simu ya jamaa yako huzima kioo akisikiliza ujumbe halafu hukataa kuwaka, na kwa nini fundi wa Kariakoo au wa Barabara ya Luthuli, Nairobi, kabla ya kufungua chochote, huanza kwa kubandua protekta.

Tuanze na kifaa chenyewe, yaani kihisi cha ukaribu. Kwenye simu nyingi kimekaa juu ya kioo, karibu na tundu la spika ya sikioni, nyuma ya sehemu nyeusi ambayo macho hayaioni ndani. Ni kipande cha milimita chache chenye vitu viwili: kitaa kinachotoa mwanga wa infraredi, na jicho dogo la kielektroniki linalopokea mwanga huo ukirudi. Kazi yake ni kama kumulika tochi gizani: ukuta ukiwa karibu mwanga mwingi unakurudia, na ukiwa mbele ya uwanja mtupu hakirudi kitu. Kitaa humulika kwa milipuko mifupi sana, mara nyingi kwa sekunde, na jicho hupima kilichorudi.

Unaweza kukishuhudia kikifanya kazi. Piga simu kwa mtu, kisha elekeza kamera ya simu nyingine kwenye eneo la juu la kioo, hasa kamera ya mbele, kwa kuwa kamera nyingi za nyuma zina kichujio kikali kinachozuia infraredi. Kwenye simu nyingi utaona kidoa cha rangi ya zambarau kikimeta. Kwa macho yako hukioni, kwa sababu mwanga wa vitaa hivi mara nyingi una urefu wa wimbi wa nanomita 940, na jicho la binadamu huishia karibu na 700.

Namba hiyo ya 940 haikuokotwa. Kitaa cha 850 huonyesha wekundu hafifu gizani, na hakuna mteja anayetaka simu yenye doa jekundu usoni. Lakini ipo sababu nyingine, nayo inatuhusu sana sisi wa nchi za jua kali. Mvuke wa maji ulio hewani hunyonya sehemu kubwa ya mwanga wa jua katika eneo hilo la 940, kwa hiyo jua linalofika chini lina upungufu hapo hapo ambapo kihisi kinasikiliza. Zaidi ya hayo, kihisi hupima mara mbili: kwanza kitaa kikiwa kimezimwa, kujua mwanga uliopo tayari ni kiasi gani, halafu kikiwa kimewashwa. Kipimo cha kwanza hutolewa kwenye cha pili, na kinachobaki ni mwanga wake chenyewe uliorudi. Mbinu hii hushindwa pale tu jua linapopiga moja kwa moja kwenye jicho mpaka likajaa na kukosa nafasi ya kupima nyongeza.

Rangi ya ngozi je? Swali hili ni la haki, maana vipo vifaa vya mwanga vilivyowahi kuwasumbua watu weusi. Hapa hali ni nafuu. Melanini hunyonya sana mwanga unaoonekana, lakini kadiri wimbi linavyorefuka ndivyo nguvu yake ya kunyonya inavyopungua, na kufikia 940 tofauti kati ya shavu jeusi na jeupe imekuwa ndogo. Kinachosumbua zaidi ni nywele nyeusi, nyingi, zinazofunika sikio. Hizo hunyonya, na kile kidogo zinachorudisha hutawanyika huku na huko. Kitambaa cheusi, ajabu, mara nyingi si tatizo: rangi nyingi zinazotumika kutia weusi kwenye nguo haziuzuii mwanga huu, na buibui linaloonekana jeusi tititi kwa macho laweza kuwa jeupe mbele ya infraredi. Ndiyo maana mwanamke aliyechomeka simu ndani ya hijabu ili mikono yake iendelee na kazi husikiliza ujumbe mzima bila kioo kuwaka.

Sasa tuzifikie namba. Kila aina ya kihisi ina vipimo vyake, kwa hiyo nitatunga mfano mmoja ambao hesabu yake ni rahisi kuifuata. Chukua kihisi kinachotoa namba kuanzia 0 hadi 1023. Hata mbele yake kukiwa hakuna kitu, hakisomi sifuri, kwa sababu mwanga kidogo wa kitaa hugonga kioo cha simu kwa ndani na kurudi moja kwa moja kwenye jicho. Tuseme mwanga huo wa ndani unatoa 100. Sasa leta shavu. Likiwa sentimita 2 kutoka kwenye kioo, linaongeza 800, na namba inasoma 900. Lisogeze hadi sentimita 4: umbali umeongezeka mara mbili, lakini mwanga unaorudi hupungua takriban mara nne, kwa hiyo nyongeza ni 200 na namba inasoma 300. Kwenye sentimita 8 nyongeza ni 50 tu, na namba inasoma 150.

Ungetegemea simu iwe na mpaka mmoja, tuseme 300: ikizidi hapo, kitu kiko karibu, ikipungua, kiko mbali. Ungejuta. Mkono wa binadamu hautulii, na shavu lililo pale pale mpakani lingekuwa linatoa 298, 303, 297, 301, na kioo kingewaka na kuzima huku sauti ikirukaruka kutoka spika moja hadi nyingine. Kwa hiyo mipaka huwekwa miwili. Simu husema "karibu" namba inapofika 300, lakini ikishasema hivyo haisemi "mbali" mpaka namba ishuke chini ya 200. Kati ya 200 na 300 haibadilishi neno: inashikilia jibu lake la mwisho.

Zirudie zile nywele kwa hesabu hii. Tuseme zinarudisha moja ya tano ya kile ambacho shavu hurudisha. Kwenye sentimita 2 zitaongeza 160 badala ya 800, na namba itasoma 260. Hiyo haifiki 300, kwa hiyo aliyeinua simu juu ya nywele zake ataendelea kusikia spika kubwa ikipiga kelele. Lakini kama aligusa shavu kwanza, simu ikasema "karibu", halafu akaisogeza juu ya nywele, ile 260 haishuki chini ya 200 na simu inabaki na jibu lake. Nywele zilezile na umbali uleule vinatoa majibu mawili tofauti, kutegemea kilichotangulia. Apple waliionja shida ya kihisi hiki kwenye iPhone 4 mwaka 2010, wateja walipolalamika kwamba kioo kinawaka katikati ya maongezi na shavu linabonyeza vitufe. Rekebisho lilikuja na programu ya iOS 4.1 mwezi Septemba mwaka huohuo, bila kubadilisha kifaa.

Mfano huohuo unaeleza ugonjwa unaojaza meza za mafundi. Umebandika protekta nene, isiyo na tundu wala sehemu safi juu ya kihisi, na gundi yake imeshika vumbi na mafuta ya uso. Mwanga wa kitaa unagonga uchafu huo na kurudi ndani, na ile 100 ya mwanzo imepanda hadi 230. Unagusa ujumbe: 230 haijafika 300, simu inasema "mbali", na spika kubwa inaanza vizuri. Unainua simu sikioni, namba inaruka, simu inasema "karibu", kioo kinazima. Ujumbe unaisha, unashusha simu hewani palipo patupu, na namba inarudi pale inapoweza kurudi, yaani 230. Haishuki chini ya 200, na kwa simu shavu bado lipo. Kioo kinabaki cheusi, nawe unabonyeza kitufe cha pembeni kwa hasira.

Uchafu ukizidi, namba ya mwanzo ikapita 300, dalili inabadilika: kioo kinazima papo hapo unapogusa ujumbe, hata simu ikiwa mezani. Kwa hiyo dalili yenyewe hukueleza ugonjwa umefika wapi. Kioo kikigoma kuwaka baada tu ya kuinua, mwanga wa ndani umeingia kati ya mipaka miwili. Kikizima hata kabla ya kuinua, umevuka mpaka wa juu. Dalili ya kinyume, kioo kisichozima kabisa na sauti isiyohama, humaanisha mwanga haurudi: kitaa kimekufa, waya umekatika, au umewekewa kioo kipya ambacho rangi yake nyeusi hairuhusu infraredi kupita.

Hapo ndipo lawama nyingine huangukia kwenye ukarabati. Kati ya kitaa na jicho watengenezaji wengi huweka kimpira kidogo cheusi kinachozuia mwanga kuvuja kwa ndani. Wakati wa kubadilisha kioo kimpira hicho hudondoka kirahisi, na asiyekijua hukifagia pamoja na vumbi. Simu inarudi ikiwa na kioo kinachong'aa na namba ya mwanzo iliyopanda. Simu nyingi hujipima na kuutoa mwanga huo wa ndani katika hesabu, lakini kujipima kuna kikomo chake.

Mwenye Samsung anaweza kuziona namba hizi bila kwenda kwa fundi. Fungua sehemu ya kupigia simu uandike `*#0*#`, na kwenye modeli nyingi itafunguka menyu ya majaribio, gusa `SENSOR`. Mbele ya neno `PROXIMITY` utaona namba iliyoandikwa `ADC`, ambayo ndiyo ile tunayoizungumzia. Isome simu ikiwa wazi, kisha lete kiganja taratibu uone inavyopanda, na pale inapovuka mpaka simu itatetema. Ibandue protekta usome tena. Namba ya simu iliyo wazi ikishuka sana, mgonjwa umempata na hujatoa hata shilingi.

Mpaka hapa simu imejibu swali moja tu: karibu au mbali. Bado hatujafika kwenye sauti. Mwongozo ambao Google huwapa watengenezaji wa simu za Android unadai kidogo mno kwa kihisi hiki: kitazame upande uleule kioo kinakotazama, na kiwe na uwezo wa kutoa angalau majibu mawili. Hakilazimiki kupima umbali halisi. Simu nyingi huripoti 0 kwa karibu na 5 kwa mbali, zikidai ni sentimita, ingawa hakuna sentimita iliyopimwa hapo.

Programu ya ujumbe ndiyo inayolipa jibu hilo maana. Unapogusa ujumbe wa sauti uanze, programu huiambia Android mambo mawili: nipe taarifa za kihisi cha ukaribu, na uzime kioo kila kitu kikija karibu. Kuzima kioo ni kazi ya Android yenyewe, na hufanywa ili shavu lisibonyeze kitu. Kuhamisha sauti ni kazi ya programu. Ndiyo maana ukiinua simu inayopiga taarabu kutoka kwenye kicheza muziki cha kawaida hakuna kinachotokea: kicheza muziki hakikuomba taarifa, na kihisi kilikuwa kimelala. Ujumbe ukiisha, programu huacha kusikiliza na kitaa kinazimwa, jambo linalookoa chaji.

Msimbo wa Telegram ya Android uko wazi kwa yeyote kuusoma, na ndani yake uamuzi wa ukaribu ni mstari mmoja:

```java
return value < 5.0f && value != proximitySensor.getMaximumRange();
```

Kwa Kiswahili cha kawaida: hesabu kwamba simu iko sikioni ikiwa namba iliyoripotiwa iko chini ya 5, na pia si ile namba kubwa kuliko zote ambayo kihisi hiki kinaweza kutoa. Sharti la pili linaonekana kama ziada, lakini ndilo lililoandikwa na mtu aliyeumwa na nyoka. Baadhi ya vihisi upeo wao ni 3, au hata 1. Kwa kihisi cha namna hiyo jibu la "mbali" ni 1, na 1 iko chini ya 5. Bila sharti la pili, simu hiyo ingeonekana iko sikioni saa zote. Telegram huenda mbele zaidi: hutazama pia vihisi vya mwendo, kuona kama simu imeinuliwa kwa ule mkunjo wa mkono unaoelekea sikioni, ndipo isichanganye sikio na kidole kilichopita juu ya kioo.

Uamuzi ukishafanyika, programu hubadilisha njia ya sauti kutoka ile ya muziki kwenda ile ya maongezi ya simu, kwa kuwa spika ya sikioni imeunganishwa na njia hiyo. Badiliko hilo huleta mambo ambayo watu huyalalamikia bila kujua chanzo chake. Njia hizo mbili zina viwango tofauti vya sauti. Muziki unaweza kuwa juu kabisa huku maongezi yako chini, na ujumbe uliokuwa ukisikika chumba kizima ukawa mnong'ono sikioni. Dawa ni kubonyeza kitufe cha kuongeza sauti wakati simu iko sikioni, si kabla. Vilevile kuhama huchukua muda mfupi, na neno moja au mawili huweza kupotea njiani. Baadhi ya programu hurudisha ujumbe nyuma kidogo ili usikose mwanzo. Na kama umevaa spika za masikioni, za waya au za Bluetooth, programu iliyoandikwa vizuri haihamishi chochote.

Mgawanyo huu wa kazi husaidia kujua wa kumlaumu. Kioo kikizima unapoinua lakini sauti ikabaki kwenye spika kubwa, kihisi ni kizima na kosa liko kwenye programu. Visipofanya kazi vyote viwili, ndipo ukitazame kihisi.

Yote haya yanahusu kihisi cha mwanga, lakini si kila simu inacho tena. Vioo vimepanuka mpaka kingo na nafasi ya juu imekwisha. Simu nyingine zimekisogeza chini ya kioo chenyewe, kikimulika kupitia katikati ya vitone vya picha, na mwenye simu hiyo huona wakati mwingine kidoa cheupe kikipepesa juu ya kioo wakati wa maongezi. Ni infraredi inayosisimua vitone, haina madhara. Nyingine zimekiondoa kabisa. Mwaka 2016 Xiaomi walitoa Mi MIX, iliyotumia mbinu ya kampuni ya Elliptic Labs ya Norwe: spika hutoa sauti ya juu kuliko uwezo wa sikio la binadamu, kinasa sauti husikiliza mwangwi, na programu hukisia kama kuna kitu mbele. Mbinu hiyo imeenea hadi kwenye simu za bei nafuu kwa kuwa haihitaji kifaa cha ziada.

Ukisoma malalamiko ya wenye simu hizo utaona kwamba mwangwi hukisia vibaya zaidi kuliko mwanga, na mimi binafsi nikinunua simu huuliza kihisi ni cha aina gani kabla ya kuuliza kamera. Kwa simu ya mwangwi, kubandua protekta na kufuta kioo si lazima kusaidie. Kinachostahili kusafishwa ni matundu ya spika ya juu na ya vinasa sauti, kwa mswaki mkavu na laini, na kava linaloyafunika livuliwe. Ikishindikana, Telegram ina swichi ya kuzima kuinua-na-kusikiliza ndani ya mipangilio ya mazungumzo. Kwa nyingine zisizo na swichi hiyo, spika za masikioni za waya zitaifanya sauti ibaki mahali pamoja hata kihisi kiseme nini.